Uzito uko kwenye kuitikia

Mara nyingi tunasisitiza kumfundisha mtoto kuamkia, ilhali kinachomjenga zaidi ni namna anavyoitikiwa. Mary Ainsworth, aliyechunguza watoto wachanga katika vijiji vya Waganda karibu na Kampala mwaka 1954 na 1955, aliona kuwa mama akirejea baada ya kutoka, mtoto humpokea kwa tabasamu, kwa kunyoosha mikono, hata kwa makofi. Mapokezi hayo aliyahesabu miongoni mwa dalili za mtoto kushikamana na mama yake. Tena waliokuwa na utulivu zaidi ni wale ambao mama zao waliweza kueleza kwa undani tabia zao ndogondogo, yaani waliwatazama kwelikweli. Usiku nao ni kutengana, hivyo asubuhi mtoto huja kuhakikisha kama mambo yako vilevile. "Marahaba" inayotupwa huku macho yako kwenye simu haimpi jibu. Ndiyo maana wengine hurudia "shikamoo" kwa sauti ya juu zaidi, nasi tunawaita wasumbufu!

Wapo watakaosema kuamkia ni adabu tu, si mapenzi. Adabu ipo, lakini haizuii kumtazama na kumuuliza ameamkaje. Pingamizi zito zaidi ni la mzazi anayewahi daladala alfajiri, mtoto akiwa bado amelala. Huyo hajapoteza kitu kikubwa iwapo bibi au dada wa nyumbani huitikia vizuri, naye mwenyewe akirudi jioni humpokea mtoto kwa namna ileile kila siku. Ila mtoto anayefokewa kutwa nzima, salamu moja ya asubuhi haitamtuliza.