Pesa ya Mama itafika mwaka gani?

Wiki hii sina mgeni wala habari za kipindi. Nina karatasi moja iliyobandikwa kwenye friji ya Mama, Silver Spring, na nina kosa langu mwenyewe la kuungama.

Mnakumbuka niliwaambia Mama anastaafu. Miaka zaidi ya 20 ya zamu za usiku, kuinua wagonjwa, mgongo umechoka. Kwenye akaunti yake ya 401(k) kuna dola 240,000. Pensheni ya Social Security inakuja mwezi kwa mwezi, lakini ukitoa kodi ya nyumba na chakula haibaki kitu. Kwa hiyo alitaka kuchota dola 16,000 kwa mwaka kutoka kwenye hizo 240,000. Akaniuliza swali moja tu: "Mwanangu, zitanifikisha wapi?"

Mimi ndiye mtoto wa kompyuta wa nyumba hii. Nikafungua Excel palepale mezani, chai inapoa, nikachukulia kwamba pesa itazaa asilimia 5 kwa mwaka, nikaandika hivi:

```
=NPER(0.05, -16000, 240000, 0, 1)
```

Ikajibu 25.68. (Ile 1 ya mwisho maana yake unachota mwanzoni mwa mwaka, siyo mwishoni.) Nikamwambia, Mama, miaka 25 na zaidi. Una 67, pesa inakufikisha 92. Akafurahi. Kesho yake akapeleka barua kazini.

Wiki tatu baadaye, tunakula, akaniuliza kama anauliza chumvi iko wapi: "Hizo elfu kumi na sita, nikiwa na miaka 80 zitakuwa bado elfu kumi na sita?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Mimi nilipokuja, chumba kimoja Langley Park nililipa mia sita na hamsini. Wewe leo unalipa ngapi?"

Nikanyamaza. Manake hapo ndipo nilipoona nilichofanya. Nilikuwa nimempangia mshahara usiopanda kwa miaka 25. Yeye hakuhitaji dola 16,000 kila mwaka. Alihitaji vitu ambavyo leo vinanunuliwa kwa dola 16,000, na vitu hivyo bei yake inapanda.

Nikarudi kwenye kompyuta. Tuseme mfumuko wa bei ni asilimia 3 kwa mwaka. Mwaka wa kwanza anachota 16,000, zinabaki 224,000, zinazaa asilimia 5, zinakuwa 235,200. Mwaka wa pili hachoti 16,000, anachota 16,480. Wa tatu 16,974. Inaonekana kidogo, si ndiyo? Lakini mwaka wa kumi anachota karibu 20,900, na wa kumi na saba karibu 25,700, ili anunue kikapu kilekile. Mwaka wa kumi na nane anahitaji kama 26,400 na kwenye akaunti zimebaki kama 13,200. Basi. Nusu mwaka, imeisha, na yeye ana miaka 84.

Kuna njia fupi ya kufika hapo bila kuandika kila mwaka. Usitumie asilimia 5 peke yake. Gawanya ukuaji wa pesa kwa ukuaji wa bei, ubaki na ukuaji wa kweli:

```
=NPER(1.05/1.03-1, -16000, 240000, 0, 1)
```

Jibu ni 17.5. Kutoka 25.68 hadi 17.5, na kilichobadilika ni kile kipande cha mwanzo tu. Miaka nane ya Mama ilikuwa imefichwa kwenye mabano yangu. Na bibi yetu kule Tanga ana miaka 93, bado anachambua mchele mwenyewe, kwa hiyo 84 kwetu siyo uzee wa kuogopesha.

Sasa Mama hataki kusikia habari za Excel. Ikabidi nitafute lugha nyingine, na nikaipata sokoni: mafungu. Nyanya zinauzwa kwa fungu, si ndiyo? Chukua pesa yote iliyopo, igawe kwa kile unachochota mwaka huu. 240,000 kwa 16,000 ni mafungu 15. Kama pesa yako inazaa sawasawa na bei zinavyopanda, mafungu hayakui wala hayasinyai, kila mwaka unakula moja, na una miaka 15 kamili. Pesa ikizaa zaidi ya bei, mafungu yaliyobaki yananenepa kidogo, ndiyo maana 15 yakawa miaka 17 na nusu. Ikizaa pungufu, yanasinyaa.

Mama alielewa mara moja, halafu akafika mahali ambapo wazazi wetu wengi wanafika: "Basi toa yote peleka benki. Sitaki soko la hisa linichezee." Tukapiga. Akaunti ya benki inayotoa asilimia 1, bei zinapanda asilimia 3: mafungu 15 yanasinyaa kila mwaka, na pesa inakwisha baada ya miaka 13 na robo. Huoni hasara hata siku moja. Kila taarifa ya benki inaonyesha riba imeongezwa, na huku unaibiwa polepole.

Lakini hofu yake ya soko siyo ujinga, na hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu ile 5 niliyoandika ni wastani na hakuna anayeishi kwenye wastani. Kumbukeni 2022. Hisa kubwa za Marekani, zile za S&P 500, zilipoteza kama asilimia 18 hata ukihesabu gawio, na hatifungani, ambazo watu huziweka kama mto wa kuangukia, zikapoteza kama 13. Mwenye nusu kwa nusu alishuka karibu asilimia 16. Na mwaka huohuo bei zilipanda asilimia 6.5 kutoka Desemba hadi Desemba.

Tuseme Mama angeanza na mwaka kama huo. Anachota 16,000, zinabaki 224,000, zinashuka hadi 188,160. Mwaka wa pili anahitaji 17,040. Gawanya: mafungu 11 tu, wakati kwenye mpango wetu alitakiwa awe na 14 na robo. Hata kama baada ya hapo kila mwaka unakuwa mzuri, 5 na 3, 5 na 3, pesa inakwisha baada ya miaka 13 na robo badala ya 17 na nusu. Mwaka mmoja umekula minne. Kumbe ni palepale benki ingemfikisha!

Halafu nikausogeza mwaka uleule mbaya hadi mwaka wa kumi na mbili. Pesa inafika miaka 16 na kidogo. Hasara ni mwaka mmoja na robo hivi, siyo minne. Mwaka ni uleule, asilimia ni zilezile. Tofauti ni kwamba mwanzoni kuna mafungu mengi ya kusinyaa, na yale unayochota na kuuza wakati bei iko chini hayapo tena soko likirudi. Ndiyo maana ukimwona mtu amestaafu na miaka miwili ya kwanza imekuwa mibaya, usimwambie "vumilia, wastani utarudi." Wastani utarudi, yeye hatakuwa na pesa ya kuupokea.

Huyu Bill Bengen, mshauri wa fedha wa Kalifonia, ndiye aliyelifanyia kazi jambo hili mwaka 1994. Badala ya wastani, alichukua historia yenyewe ya hisa na hatifungani za Marekani tangu 1926, akamweka mstaafu wa kubuni kwenye kila mwaka wa kuanzia, hata ile mibaya kabisa. Akaona kwamba ukichota asilimia 4 mwaka wa kwanza kisha ukapandisha kwa mfumuko wa bei, pesa ilidumu angalau miaka 30 kila mara. Kwa Mama asilimia 4 ni dola 9,600, yaani mafungu 25. Yeye alikuwa anapanga kuchota karibu asilimia 7.

Na ile asilimia 3 ya bei nayo ni ya nani? Kuna takwimu ya serikali ya bei kwa eneo letu hili la Washington, Arlington na Alexandria, hutoka kila baada ya miezi miwili. Lakini kikapu cha Mama kimejaa kodi ya nyumba. Montgomery tuna sheria iliyoanza kazi 2024: kwa majengo mengi ya zamani, kodi haipandi zaidi ya mfumuko wa bei kuongeza asilimia 3, na kwa vyovyote isipite 6. Mwenye nyumba wa Mama anaijua vizuri hiyo sheria, anaisoma kama ruhusa. Kitu kimoja kinachomlinda ni Social Security, ambayo inapandishwa yenyewe bei zikipanda. Kwa 2023 walipandisha asilimia 8.7. Hiyo haiishi. Kinachoisha ni akaunti.

Basi tulikaa Jumapili mbili. Nilimwonyesha kwamba akichota 12,000 badala ya 16,000, anakuwa na mafungu 20, na kwa 5 na 3 zilezile pesa inafika karibu miaka 25. Yaani ile miaka niliyomwahidi kwa kosa ipo, ila bei yake ni dola 333 kwa mwezi. Nilimwonyesha pia kwamba kwenye mwaka mbaya, akikataa kujipandishia mara moja tu, abaki na kiasi cha mwaka jana, anajirudishia mwaka mmoja hivi mwishoni.

Alikuwa kimya muda mrefu. Mama mdogo alikuwepo, akasema, "Dada, si watoto wapo?" Mama akamjibu, "Watoto wana kodi zao," na mimi nikaangalia sahani.

Alichoamua ni hiki. Atachota 12,000, kabla ya kodi ya serikali, manake akaunti hii ikichotwa hukatwa. Pengo atalifunga kwa miaka miwili ya mwanzo kwa zamu moja kwa wiki, ya mchana, bila kuinua mtu. Barua ilikuwa imeshaenda, lakini msimamizi wake alikubali. Nyumba ya Tanga itaishia kwenye lenta kwa sasa. Na kila Januari tunagawanya upya: pesa iliyopo kwa kiasi cha mwaka huo. Yakiwa mafungu 19 Januari ijayo, tuko sawa. Yakiwa 16, hakuna kujipandishia, na tunakaa tena mezani.

Karatasi ya friji ina namba moja tu, 20, kwa mwandiko wake. Chini yake ameacha nafasi.