Jua Kali Si Umeme Mwingi

Mwanzoni mwa Machi jua la mchana husimama wima juu ya Dar es Salaam. Masika hayajashuka, na bati la nyumba za Chamazi, huku kwetu Temeke, hulishiki kwa kiganja. Siku moja ya namna hiyo jirani yangu alikwenda kuchungulia kontrola ya sola yake, akitarajia kuona namba ambayo hajawahi kuiona. Ana paneli 2 za wati 550 kila moja. Ilikuwa saa sita na nusu, anga halina wingu, pampu ya kisima inavuta maji na betri ziko chini, kwa hiyo kila wati ilikuwa na pa kwenda. Kontrola ikasoma wati 890.

"Jirani, nimepigwa," akaniambia. "Nimelipia 1,100 napata 890. Na jua lenyewe ndilo hili!"

Hayo maneno ya mwisho ndiyo ninayogombana nayo. Kuanzia Mbagala mpaka Bunju, mwenye nyumba, muuzaji na mafundi wengi wanaamini kwamba jua likiwaka zaidi umeme unaongezeka, na kwamba Dar kwa sababu ya joto lake ni pepo ya sola. Wanachanganya vitu viwili vinavyokuja pamoja: mwanga na joto. Paneli inakula mwanga. Joto linaila paneli.

Seli ya silikoni hutoa umeme pale mwanga unapozing'oa elektroni na kuzisukuma upande mmoja. Seli ikipata moto, elektroni nyingi zaidi hupata nguvu ya kurudi zilikotoka kabla hazijapita kwenye waya. Mkondo wenyewe huongezeka kidogo mno, ila volti hushuka: karibu milivolti 2 kwa kila seli, kwa kila nyuzi moja ya joto inayoongezeka. Ni kidogo ukiitazama seli moja, lakini paneli ni seli nyingi zilizofuatana.

Zile wati 550 zilipimwa maabara, seli ikiwa na nyuzi 25 chini ya mwanga wa wati 1,000 kwa mita ya mraba. Seli ya nyuzi 25 katika mwanga kamili huioni Dar. Hewa yenyewe mchana wa Machi ni nyuzi 32 hivi, na paneli iliyo wazi kwa upepo huizidi hewa kwa takriban nyuzi 30 jua linapokuwa kamili. Ukiibana juu ya bati pasipo nafasi, ongeza nyingine 5 hadi 10. Tulipopima mgongo wa paneli za jirani kwa kipimajoto tulipata nyuzi 68. Seli zilizo ndani huwa na joto zaidi kidogo, kwa hiyo tukahesabu 70.

Hapo ndipo kizigeu cha joto kinapofanya kazi. Ni namba inayosema paneli inapoteza asilimia ngapi ya nguvu kwa kila nyuzi moja juu ya 25. Lebo ya mgongoni mara nyingi haina namba hiyo. Iombe karatasi ya mtengenezaji, utafute mstari wa Pmax wenye kipimo cha %/°C na alama ya kutoa mbele yake. Paneli za jirani ni −0.35. Seli zilikuwa nyuzi 45 juu ya 25, kwa hiyo:

```
45 × 0.35 = 15.75 %
1100 × (1 − 0.1575) = 927 W
```

Joto peke yake limechukua wati 173. Kati ya 927 na 890 zimebaki wati 37, na hizo zinatosha kuelezwa na vumbi, waya na mwanga usiofika 1,000 kamili. Jirani hakupigwa. Lakini kama kontrola ingesoma 600, joto lisingekuwa kisingizio, na angekuwa na haki ya kupanda gari kwenda kumkabili muuzaji. Hiyo ndiyo faida ya hesabu hii: inatenganisha hasara ya kawaida na ubovu.

Ushahidi mwingine hauhitaji hata kalamu. Subiri wingu nene lipite, likae dakika kadhaa, kisha liondoke. Kontrola itaruka juu ya pale ilipokuwa, halafu itateremka taratibu huku paneli ikipata moto upya. Sehemu ya mruko huo ni mwanga unaorudishwa na kingo za wingu, lakini kule kuteremka polepole, jua likiwa lilelile, ni joto. Waya uliolegea hauna tabia hiyo.

Anayesema Dar ni pepo ya sola aichukue paneli hiyo hiyo mpaka Njombe. Mchana wa Julai wenye hewa ya nyuzi 18 na jua kamili, seli zitakuwa karibu na nyuzi 48, na hasara itakuwa kama asilimia 8. Hapa kwetu, hata paneli ikiwekwa vizuri, ni asilimia 13. Mwanga uleule, paneli ileile, na anayevaa sweta anapata zaidi.

Wanaoumia kuliko jirani yangu ni wenye mitambo midogo: paneli moja ya seli 36, kontrola ya bei nafuu, betri ya maji ya volti 12. Paneli hiyo hufanya kazi kwenye volti 18 hivi maabara. Seli 36, mara milivolti 2, mara nyuzi 45, ni zaidi ya volti 3. Zinabaki chini kidogo ya 15, na betri inataka karibu 14.4 ili ijae. Sasa vuta waya mwembamba mita 15 kutoka darini hadi sebuleni, nao ule nusu volti yake. Betri haijai, siku baada ya siku, na baada ya miezi kadhaa fundi anasema imekufa, nunua nyingine. Mpya nayo inakwenda kufia palepale, kwa sababu hakuna aliyegusa waya wala bati.

Tusitie chumvi upande wa pili pia. Kuinua paneli kwa fremu, upepo wa bahari upite chini yake, kunaweza kupunguza nyuzi 10. Kwa jirani hizo ni asilimia 3.5, wati kama 38. Inafaa siku ya kufunga, wakati fundi yuko juu na vyuma viko chini. Kubomoa na kufunga upya kwa ajili ya wati 38 ni kulipa deni usilodaiwa. Na wanaomwagia paneli maji mchana waache: kioo chenye moto hakipendi maji ya ghafla, na maji ya visima vyetu vingi yana chumvi inayobaki kama utando na kuziba mwanga.

Dawa ni kununua kwa hesabu. Ukihitaji wati 900 saa za mchana, usinunue 900. Gawa kwa 0.85 kwa ajili ya joto, upate kama 1,060, kisha uongeze kidogo kwa vumbi na waya. Jirani, pasipo kujua, alikuwa amenunua karibu kiasi hicho hicho. Pampu yake ilikuwa inavuta maji muda wote aliokuwa analalamika.