Mteja Akirudi na Hasira, Fungua Katoni Kabla Hujambadilishia

Maduka mengi ya vifaa vya simu pale katikati ya Nairobi yana jibu moja tu kwa mtu aliyeuziwa kitu kibovu: "Tutakubadilishia." Ukitaja kurudishiwa pesa, muuzaji anakuangalia kama umeomba figo. Na ukutani kuna karatasi imebandikwa: bidhaa zikishauzwa hazirudishwi.

Mimi naona hiyo sheria ya duka inawaumiza wenye duka kuliko wanavyodhani. Kubadilisha si suluhu ya kila kitu. Kuna siku kubadilisha ni poa, na kuna siku kubadilisha ni kumpa mteja sababu ya pili ya kurudi akiwa mkali zaidi. Swali la kujua ni siku gani ni ipi si la roho nzuri au roho mbaya. Ni hesabu, na unaweza kuifanya ukiwa umesimama nyuma ya kaunta.

Niliacha chuo mwaka wa pili nikaanza kuuza chaja, waya na pawabenki kwenye kibanda cha watu. Kwa hivyo wacha nikupe kisa kimoja cha pawabenki, manake hicho ndicho kifaa kinacholeta kelele nyingi.

Mama mmoja alinunua pawabenki ya 10,000mAh siku ya Ijumaa kwa Sh1,500. Jumatatu jioni akarudi, na alikuwa na basi la usiku la kwenda Kisumu. "Kijana, mmenila pesa! Kitu hakishiki chaji hata dakika mbili! Nataka pesa yangu sasa hivi!" Watu wakageuka. Wateja wawili waliokuwa wanaangalia earphone wakaziweka chini polepole.

Hapo wauzaji wengi huanza kujitetea: ati labda umeangusha, labda umetumia chaja mbaya. Usithubutu. Hata kama ni kweli, mtu mwenye hasira akisikia "labda wewe" anasikia "wewe ni mwongo." Nilimwambia, "Pole sana, mama. Ulikuwa unaihitaji leo usiku, ndiyo?" Akasema ndiyo, anasafiri. Nikamwambia, "Basi tuipime hapa hapa mbele yako, haitachukua dakika tano." Nikampa stuli upande wa ndani wa kibanda. Stuli ni muhimu kuliko watu wanavyofikiri. Mtu akikaa hapigi kelele kama aliyesimama mlangoni, na wewe hujamwambia anyamaze.

Halafu maswali ni matatu tu: ulinunua lini, inafanya nini hasa, na uliichaji na nini. Ukiuliza kumi inakuwa ni kituo cha polisi.

Kupima kuna mpangilio. Anza na waya, kwa sababu waya ndio huharibika zaidi na ndio rahisi kubadilisha. Mara nyingi mteja anarudisha pawabenki nzima kumbe ni waya wa Sh150 umekatika ndani pale karibu na kichwa. Nilichomeka waya mpya, bado simu ikaanza kuchaji na kukata. Kisha nikaweka kile kidude kidogo cha kupimia USB, kinachoonyesha volti na ampea. Pawabenki nzima inapaswa kukaa karibu na volti 5 hata simu ikianza kunyonya umeme. Hii ilikuwa inaonyesha taa zote nne zimewaka, lakini simu ikichomekwa tu, volti zinashuka na kifaa kinajizima. Mama aliona kwa macho yake. Sikuhitaji kumwambia namwamini.

Wacha niingize jambo moja hapa, manake si kila lalamiko la pawabenki ni kasoro. Kuna wale wanaokuja wakisema, "Imeandikwa 10,000 na simu yangu ni 5,000, mbona haijazi simu mara mbili? Ni feki!" Hiyo si lazima iwe feki. Ile 10,000 ni kipimo cha betri ya ndani, ambayo ni ya volti 3.7. Ikitoka kwenda kwa simu inapandishwa hadi volti 5, na nyingine inapotea kama joto. Kinachofika ni kama 6,000 na kitu. Kwa hivyo simu ya 5,000 itajaa mara moja na kubaki kidogo. Boksi zingine hata zimeandika hiyo nambari ya pili kwa maandishi madogo. Huyu mteja hadai kitu kibovu, anadai maelezo ambayo angepewa kabla ya kulipa. Mwambie kabla ya kuuza na hutamwona akirudi na moto.

Sasa turudi kwa mama. Kifaa ni kibovu, hilo tumekubaliana. Je, nimpe kingine au nimrudishie pesa?

Bosi angesema kingine, na hesabu ya haraka inamuunga mkono. Pawabenki hiyo dukani ilinunuliwa Sh1,000. Mwenye kutuuzia kwa jumla alikuwa anakubali kupokea tu vile ambavyo havijauzwa, kwa hivyo hiki kibovu kilikuwa chetu. Nikimrudishia mama Sh1,500 yake, duka limepoteza Sh1,000, ile thamani ya kifaa kilichokufa. Nikimpa kingine kizima, tunabaki na Sh1,500 yake lakini tumetumia vifaa viwili vya Sh2,000. Hasara ni Sh500 tu. Kubadilisha kumeshinda, si ndiyo?

Kumeshinda kama kile cha pili ni kizima. Kikifa nacho, mama atarudi, na safari hii hutamtuliza na stuli. Utarudisha Sh1,500 yote na utakuwa na vifaa viwili vilivyouzwa ambavyo hakuna anayevipokea. Hasara ni Sh2,000, maradufu ya kumrudishia pesa siku ya kwanza.

Ukiziweka pamoja, unapata kipimo rahisi. Kwa bei hizi, kama uwezekano wa kile cha pili kurudi ni chini ya moja kwa tatu, badilisha. Ukizidi hapo, rudisha pesa. Bei zikiwa tofauti mpaka nao unasogea, lakini swali ni lile lile: hiki ninachotaka kumpa, nina hakika nacho kiasi gani?

Na hakika haiji kwa kuomba Mungu. Inakuja kwa kufungua katoni. Nilitoa vingine viwili kutoka katoni ile ile na kuvipima mbele ya mama. Kimoja kilikuwa sawa. Cha pili kikajizima kama chake. Viwili vibovu kati ya vitatu! Kumbuka vifaa vya katoni moja mara nyingi vimetengenezwa pamoja, kwa betri zile zile na saketi zile zile. Kikiharibika kimoja kwa ndani, nduguze ni washukiwa.

Utaniambia, si ungempa kile kizima? Kilikuwa kizima kwa dakika mbili mezani. Sijui kitakuwaje saa nane usiku akiwa Nakuru. Na yeye anasafiri, hawezi kurudi kesho. Nikamwambia ukweli: "Mama, katoni hii siiamini. Nikikupa nyingine nitakuwa nakubahatisha. Chukua pesa yako." Nikaituma kwa M-Pesa kwenye nambari ile ile aliyolipia. Hapo usilegee: anayekuja na kifaa akitaka pesa iende nambari nyingine, kwanza thibitisha na aliyelipa. Katoni iliyobaki nikaifunga na utepe ili irudi kwa mwenye kuuza jumla kabla hatujaiuzia mtu mwingine.

Kuna hali moja ambayo haihitaji hesabu yoyote. Pawabenki ikiwa imefura tumbo, au inatoa joto bila kuchajiwa, usiichomeke kuipima, usiirudishe shelfu, na usibishane. Betri ya aina hiyo inaweza kushika moto. Iweke mbali na vitu vinavyoungua na umrudishie mtu pesa yake.

Na ile karatasi ya ukutani? Kwa kitu kibovu, haina nguvu ambayo wenye maduka wanadhani inayo. Sheria ya Kulinda Watumiaji Bidhaa ya 2012 inachukulia kwamba muuzaji amehakikisha kitu ni cha ubora unaofaa kuuzwa, na haki hizo haziondolewi kwa kuandika kwamba mteja amezikubali kuzipoteza. Mtu akikasirika vya kutosha anaweza kwenda Mahakama ya Madai Madogo, ambayo husikiza kesi za hadi Sh1 milioni. Karatasi hiyo inakufaa tu kwa yule ambaye kitu ni kizima ila rangi imemchosha. Huyo hujauzia kitu kibovu. Ukimbadilishia ni hisani yako.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba hii vita ya kubadilisha na kurudisha inapiganwa na vijana wasio na duka. Unawekwa kaunta, unaambiwa "pesa isitoke," mteja anakutukana wewe, na mwisho wa mwezi kifaa kibovu kinakatwa kwenye mshahara wako. Kwani ni wewe uliyekitengeneza? Sheria ya Ajira ya 2007 inaruhusu kukatwa kiasi cha haki kwa hasara iliyotokana na kosa la makusudi la mfanyakazi. Betri iliyokufa kiwandani si kosa lako la makusudi.

Kwa hivyo mwenye duka, kama unanisoma, mpe anayekuuzia vitu viwili. Cha kwanza, kidude cha kupimia, ambacho ni bei ya chini kuliko pawabenki moja. Cha pili, ruhusa ya kurudisha pesa hadi kiwango fulani, tuseme Sh2,000, bila kukupigia simu. Halafu muulize kila Jumamosi ni nini kilirudi na kilitoka katoni gani. Ukiona katoni moja imetajwa mara mbili, tatizo halikuwa mteja, wala halikuwa kijana wako. Liko kwenye lile boksi ambalo bado unaliuza.