"Ataizoea" Si Jibu: Hesabu Siku za Mama

Wasee wa Eldi, leo nina jambo moja na sitalizungusha. Mtoto akizaliwa kwa ploti, kila mtu anajua kuhesabu siku zake. Ako na wiki mbili, ako na mwezi, chanjo ni lini. Lakini siku za mama hakuna mtu anazihesabu. Na hizo siku ndizo zinakusaidia kujua kama machozi yake ni ya kupita tu, ni ugonjwa wa kutibiwa, ama ni dharura ya kumkimbiza kasualti usiku huo huo. Sisi tumechukua vitu vitatu tofauti tukavipa jibu moja: "ataizoea."

Najua kuna mtu atasema huyu aliacha kampasi na sasa anajifanya daktari. Hapana. Ni vile daktari hayuko kwa nyumba yenu saa nane usiku. Wewe uko. Wewe ndiye dadake, kakake, ama huyo baba mtoto wa miaka 22 mwenye anasema hayo ni mambo ya wanawake.

Cha kwanza kinaitwa bebi bluzi. Mama akijifungua na kondo la nyuma likitoka, homoni zake zinashuka haraka sana, kama mtu ameshuka kilima cha Iten bila breki. Ongeza uchovu, maumivu na kukosa usingizi. Karibu siku ya tatu anaanza kulia. Analia juu ya chai imepoa, analia juu ya mtoto amepiga chafya, halafu dakika kumi baadaye anacheka. Siku ya nne na ya tano ndizo huwa kali zaidi. Zaidi ya nusu ya kina mama hupitia hii kitu na haihitaji dawa. Inahitaji mtu amshikie mtoto alale, uji uwe moto, na wageni wapunguzwe. Ikifika siku ya kumi hivi inakuwa imepungua, na kwa kawaida wiki mbili zikiisha imeenda.

Hapo kwa wiki mbili ndipo piga laini na kalamu. Chenye kimevuka hiyo laini usikiite bebi bluzi tena. Na hata kabla ya wiki mbili, kama anasema anataka kufa ama hali inazidi kuwa mbaya kila siku, usingoje kalenda.

Cha pili ni depresheni ya baada ya kujifungua. Kwa nchi kama zetu inapata karibu mama mmoja kati ya watano, na inaweza kuanza wakati wowote mwaka huo wa kwanza, wengine hata ikaanza wakiwa bado na mimba. Shida ni kwamba mara nyingi haifanani na huzuni yenye tunaona kwa muvi. Kwa mtaa utaskia mama anasema kichwa kinamuuma kila siku, moyo ni mzito, mwili hauna nguvu. Anaweza kuwa anaosha nguo na kunyonyesha vizuri kabisa huku ndani hakuna kitu.

Kwa hivyo kuna maswali. Ya haraka ni mawili. Mwezi huu umepita, umekuwa ukijiskia chini, huzuni ama kukosa matumaini? Na umekuwa huna hamu ama raha ya vitu vyenye kawaida unapenda? Akisema ndiyo kwa moja tu, hiyo haimaanishi ni mgonjwa. Inamaanisha aulizwe zaidi.

Hapo kwa zaidi ndipo kuna kipimo cha Edinburgh. Kilitoka Skotilandi mwaka wa 1987 na sasa kinatumika dunia nzima, Kenya pia. Ni maswali 10 kuhusu siku saba zilizopita, kila jibu lina pointi kutoka 0 hadi 3, jumla ni 30. Kinauliza kama bado anaweza kucheka, kama anajilaumu bila sababu, kama ana hofu, kama mambo yamemlemea, kama huzuni inamnyima usingizi. Sehemu nyingi akifikisha 13 anapelekwa kwa mtaalamu, na wengine wanaanzia 10 ili wasikose mtu.

Tuchukue mfano wa kufikiria. Mama wa miaka 21 hapo Langas, mtoto ana siku 24. Shangazi anasema ni uchovu tu. Lakini mtoto akilala, yeye halali, anakodolea dari macho. Anajilaumu ati maziwa ni kidogo ilhali mtoto anaongeza kilo vizuri. Ameacha kupokea simu za marafiki. Muuguzi anamuuliza hayo maswali na anapata 14. Hiyo 14 si jina la ugonjwa. Ni kama kipimajoto, kinakuambia kuna joto, hakikuambii ni malaria. Sasa muuguzi anakaa naye aulize vizuri: ilianza lini, anakula, kuna mtu anampiga kwa nyumba, amewahi kuwa hivi mbeleni? Apimwe damu pia, kwa sababu kupungukiwa na damu ama shida ya tezi ya shingo inaweza kuleta uchovu unafanana na huu.

Na hapa wengi wanaharibu: anaulizwa mbele ya mama mkwe. Maze, nani atasema ukweli? Swali la kumi linauliza kama amefikiria kujidhuru. Kama amejibu chochote zaidi ya "hapana kabisa," usijali jumla ni ngapi, huyo mtu anaongeleshwa siku hiyo hiyo na haachwi peke yake. Miaka yote kifungu cha 226 cha sheria yetu ya jinai kilifanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jela, na watu walijifunza kunyamaza. Tarehe 9 Januari 2025 Mahakama Kuu ilitangaza kifungu hicho kinakiuka katiba. Mama anaongea ili asaidiwe, si ili aitiwe polisi.

Matibabu yapo, na hayaanzi na kumnyang'anya mtoto. Kama si kali sana, anaanza na kuongea na mtu aliyefunzwa, kila wiki kwa wiki kadhaa, na anapangiwa vitu vidogo vya kufanya vyenye vinamrudisha kwa maisha. Na huyo mtu si lazima awe daktari. Hapa Kenya, kwa mitaa ya Nairobi, wahudumu wa afya wa jamii walifunzwa mpango wa vikao vitano, wakautumia na wanawake waliokuwa wamepitia ukatili. Matokeo yalitoka 2017: wale wa vikao walipata nafuu zaidi ya wale waliopewa huduma ya kawaida. Hawakuwa kina mama wapya peke yao, lakini inakuonyesha kazi hii inaweza kufanyika mtaani.

Ikiwa kali, kuna dawa. Setralini ndiyo hupendelewa kwa mama anayenyonyesha kwa sababu kiasi kinachoingia kwa maziwa ni kidogo sana. Si bangi, haimfanyi zombi. Lakini haifanyi kazi kwa siku moja, anaweza kungoja wiki mbili hadi nne ndio aanze kuona tofauti. Kosa ambalo linarudisha watu nyuma ni kuacha ghafla akishajiskia poa. Kawaida anaendelea miezi sita hivi baada ya kupona, halafu daktari anaipunguza polepole.

Sasa cha tatu, na hapa naomba uweke simu ingine chini. Saikosisi ya baada ya kujifungua hupata mama mmoja ama wawili kwa kila 1,000. Ni nadra, lakini inakuja kwa kasi, mara nyingi ndani ya wiki mbili za kwanza. Yaani inaangukia siku zile zile za bebi bluzi, ndio maana watu wanaichanganya. Na kile kipimo cha Edinburgh kinaweza kuikosa kabisa, kwa sababu huyu mama pengine hana huzuni. Anaweza kuwa na furaha ya ajabu.

Angalia usingizi kwanza. Mama wa bebi bluzi ukimpa nafasi atalala kama gunia. Huyu halali siku mbili, tatu, na hachoki. Anaongea haraka, anapanga nyumba saa tisa usiku. Halafu anaanza kuchanganyikiwa, hajui ni asubuhi ama jioni. Anasikia sauti. Anasema mtoto amebadilishwa, ama ana kazi maalum kutoka mbinguni, ama majirani wanataka kumuua. Na kuna mtego: asubuhi anaweza kuwa sawa kabisa, mnacheka naye, mnasema imeisha. Usiku inarudi mbaya zaidi. Ile asubuhi nzuri isiwadanganye.

Aliye na hatari zaidi ni mwenye amewahi kuwa na ugonjwa wa baipola, ama alipata hii kitu uzazi uliopita. Lakini wengine hawajawahi kuugua akili hata siku moja.

Hapa usingoje kliniki ya Jumatatu. Ni kasualti, sasa hivi. Kwa Eldoret, Hospitali ya Rufaa ya Moi iko na hospitali ya mama na mtoto ya Riley na kitengo cha afya ya akili hapo hapo. Mkifika mlangoni semeni kwanza: "Amejifungua siku nane zilizopita." Hilo neno linabadilisha vile watamwangalia, kwa sababu maambukizi ya tumbo la uzazi, malaria kali ama kifafa cha mimba pia vinaweza kuchanganya mtu akili baada ya kujifungua, na vinaua. Semeni kama ana joto, kama alipata degedege, kama kichwa kinamuuma sana, na amelala lini mara ya mwisho. Bebeni kitabu cha Mama na Mtoto. Mpaka mfike, mtu mwingine ashike mtoto, msiwaache wawili hao peke yao hata dakika moja. Msibishane naye ati hizo sauti hazipo. Mmuongeleshe polepole.

Na wale wa kusema ni mapepo: ombeni, sijakataa. Ombeni mkiwa ndani ya gari. Huu ugonjwa unatibika, wengi hupona kabisa na kurudi kulea watoto wao. Chenye kinaua ni zile siku tatu za kumfungia kwa nyumba mkingoja mtu wa kumuombea.

Maoni yangu ni haya. Mtoto anarudi kliniki wiki ya 6, ya 10 na ya 14 kudungwa, na mama ndiye anambeba. Yuko hapo kwa benchi, mara tatu. Wahudumu wa afya wa jamii wanapita kwa nyumba zetu na mashini ya presha na ya sukari kwa begi. Maswali mawili hayahitaji betri. Yaulizwe kila mara, mama akiwa peke yake, jibu liandikwe kwa kitabu.

Na kabla serikali ifike huko, kama kuna mtoto mchanga kwenu wiki hii, angalia ana siku ngapi, kisha muulize mamake amelala lini. Ukitaka mtu wa kuongea naye, laini ya Msalaba Mwekundu ni 1199, ni bure. Lakini kama hajalala siku tatu na anakuambia mtoto si wake, usipige simu ya ushauri. Tafuta gari.