Tangazo la sikukuu lisimwache mkulima njia panda

Kila unapokaribia mwisho wa Desemba, milango ya maduka ya pembejeo huanza kubandikwa karatasi zenye maneno yaleyale: "Tumefunga kwa sikukuu. Tunawatakia heri ya Krismasi na Mwaka Mpya." Hakuna tarehe ya kufungua wala namba ya simu. Kwa muuza viatu tangazo hilo linatosha. Kwa duka la pembejeo halitoshi hata kidogo, hasa katika wilaya kama Mbozi ambako mahindi hupandwa Novemba na Desemba, na sikukuu huyakuta yakiwa machanga.

Sina ugomvi na mfanyabiashara kupumzika. Ninachosema ni kwamba siku 11 za likizo hazina uzito sawa kwa kila bidhaa iliyo dukani.

Chukua viwavijeshi vamizi, vilivyothibitishwa kuingia nchini mwaka 2017. Mayai huanguliwa baada ya siku chache, na kiwavi mchanga hukwangua jani na kuacha madoa meupe yanayoonekana kama vidirisha. Hapo dawa humfikia kwa urahisi. Kukiwa na joto, huchukua takribani wiki mbili tu kukomaa, na anapokaribia kukomaa ndipo hula sana. Wakati huo huwa amejichimbia ndani ya moyo wa mhindi na kujiziba kwa kinyesi kinachofanana na unga wa mbao, hivyo dawa inayopuliziwa juu ya majani haimpati.

Mjomba wangu aliyaona madoa hayo meupe katika ekari zake mbili tarehe 23 Desemba. Kesho yake alikwenda mjini akakuta duka analolitegemea limefungwa, bila maelezo. Alisubiri, kisha akanunua chupa isiyo na lebo kwa mchuuzi wa baiskeli. Haikuua kitu. Duka lilipofunguliwa Januari 4, dawa halisi ilibidi ielekezwe moyoni mwa kila mche, na kazi ya asubuhi moja ikachukua siku tatu za vibarua. Mwenye duka naye alipoteza, maana tangu hapo mjomba hununua mbolea kwingine.

Je, tangazo lingesemaje? Kwanza lingetolewa mapema, wiki mbili kabla, kwa ujumbe wa simu kwa wateja walio kwenye daftari, siyo mlangoni tu, kwa sababu anayelisoma mlangoni ameshalipa nauli. Pili, lingetenganisha kinachoweza kununuliwa kabla na kisichowezekana. Mbolea ya kukuzia na dawa ya viwavi mkulima anaweza kuhifadhi, mradi dawa iwe mbali na chakula na watoto. Chanjo zinazotaka jokofu la nyuzi 2 hadi 8 hawezi. Matibabu ya mifugo ndiyo kabisa hayanunuliwi kwa kukisia.

Hapo ndipo penye dharura ya kweli. Ng'ombe wa maziwa aliyezaa jana akilala asiweze kuinuka, masikio yakawa ya baridi na shingo ikapinda kuelekea ubavuni, yaelekea ni homa ya maziwa. Anahitaji madini ya kalsiamu kwenye mshipa, polepole, kutoka kwa mtaalamu, na anaweza kufa ndani ya saa chache. Huyo hasubiri Januari 4.

Ningeandika hivi: "Duka litafungwa kuanzia Desemba 24 na kufunguliwa Januari 4 saa 2 asubuhi. Desemba 27 na 30 tutafungua saa 2 hadi saa 5 asubuhi kwa dawa za wadudu na za mifugo tu. Mbolea nunua kabla ya Desemba 23. Mnyama akizidiwa, piga namba ya mtaalamu wa mifugo iliyo hapa chini, saa yoyote. Nauli ya pikipiki ni juu ya mteja."

Sentensi ya nauli wengi huona aibu kuiandika, lakini isipoandikwa hugeuka ugomvi zizini saa 6 usiku. Na namba hiyo isiwe ya bosi aliyekwenda kwao kusikokuwa na mtandao. Iwe ya mtu aliyebaki na aliyekubali kazi hiyo kwa malipo. Funguo naye asipewe jirani muuza vocha, kwani viuatilifu vinataka muuzaji aliyefunzwa, anayeweza kumwambia mkulima kipimo cha kuchanganya na siku za kusubiri kabla ya kuvuna.

Simu zote za likizo ziandikwe: nani alipiga, siku gani, alitaka nini. Ikionekana wengi waliuliza dawa ya viwavi Desemba 28, basi mwakani asubuhi ya kufungua ihamishwe kutoka tarehe 27 hadi 28.