Mkono wa mtoto na tarakimu ya mwisho: namna ya kutambua hesabu yenye mashaka

Ripoti za utapiamlo zinapotoka katika zoni za afya za Kasongo na Kabambare, sisi wote tunakimbilia asilimia. Ni watoto wangapi wamekonda? Hesabu imepita 15 kwa mia, ile ambayo mashirika yanaiita hali ya hatari kubwa, ama imebaki chini? Kwa mama aliyekimbia vita na watoto wake, jibu la swali hilo ndilo linaamua kama pakiti za plampinati zitafika senta ya afya ama zitapelekwa kwingine. Lakini asilimia ni kitu cha mwisho. Nyuma yake iko tabelo ndefu ya vipimo, mtoto mmoja mustari mmoja, na tabelo hiyo ina namna yake ya kusema kama watu walipima kweli.

Tuchukue kipimo kinachojulikana na kila reko: ile kanda ya rangi tatu inayofungwa katikati ya mkono wa kushoto wa mtoto wa miezi 6 hadi 59. Chini ya milimita 115 ni nyekundu, utapiamlo mkali. Kutoka 115 hadi 124 ni manjano. Kuanzia 125 ni kijani. Sasa angalieni ile tarakimu ya mwisho tu, ile wengi tunaita shifre ya mwisho. Mtoto wa 132 ana 2, wa 147 ana 7. Mkono wa mtoto haujui kuhesabu, haupendi 0 wala 5. Kwa hiyo, kama umepima watoto wengi, kila tarakimu kutoka 0 hadi 9 inapaswa kuonekana karibu sawasawa, moja kwa kumi.

Tuseme timu imepima watoto 400. Ni mfano wetu tu, si ripoti ya mtu. Tunangojea kila tarakimu itokee karibu mara 40. Lakini tabelo inaonyesha 0 mara 110, 5 mara 98, na zile nane zingine mara 24 kila moja. Hapo watu hawakusoma mstari wa kanda, walikadiria. Programu ya ENA, ile inayotumiwa katika uchunguzi wa SMART, inageuza jambo hili kuwa alama moja. Inachukua tofauti kati ya kilichotokea na kile cha kungojea kwa kila tarakimu, inaizidisha kwa yenyewe, inaigawa kwa 40, halafu inajumlisha zote kumi. Kwa mfano wetu jumla ni 257.8. Kisha:

```
100 × √(257.8 / (9 × 400)) = 26.8
```

Alama 0 hadi 7 inaitwa nzuri sana, 8 hadi 12 nzuri, 13 hadi 20 inakubalika, na kupita 20 ni shida. Timu yetu ya mfano iko kwenye shida.

Je, ni uongo? Hapana, mara nyingi si uongo. Ni uchovu, ni jua kali, ni mtoto anayelia na kurusha mkono, ni mafunzo ya siku moja pahali pa siku nne. Lakini hata kukadiria bila nia mbaya kunagusa matokeo, na hapa watu wengi wanapita haraka. Mtoto wa 123 ama 124 ni wa manjano, anapaswa kuhesabiwa. Mpimaji akimsogeza kwenye 125, ameingia kijani na ametoka kwenye hesabu. Wa 126 ama 127 akisogezwa kwenye 125, hakuna kinachobadilika, maana alikuwa kijani na anabaki kijani. Basi kosa linakwenda upande mmoja tu: linapunguza wagonjwa. Vilevile kwenye 115, wa 113 na 114 wanatoka kwenye nyekundu. Lakini kama mpimaji ana desturi ya kushusha kila mara, 124 kuwa 120 na 128 kuwa 125, hakuna mtoto anayepotea kwenye mpaka huo, hata kama alama ya tarakimu ni mbaya vilevile. Ndiyo maana alama peke yake haitoshi. Lazima uangalie ni watoto wangapi wamesongamana juu ya 115 na 125 hasa, na wangapi wamebaki kwenye 113, 114, 123 na 124.

Sasa tugeuze upande. Tabelo nyingine ya watoto 400 ina kila tarakimu mara 40 kabisa, bila kupungua wala kuzidi. Alama yake ni 0, na programu itaisifu. Mimi ningeishika mkononi nikatafuta aliyeiandika. Watoto 400 waliopimwa kweli wanaleta alama ya karibu 5, na katika tabelo 100 za namna hiyo, karibu 95 zitaanguka kati ya 3 na 7. Bahati ya kweli ina mikunjo. Mtu anayekaa chini ya mwembe akitunga vipimo, akijua kwamba 0 na 5 zitamshtaki, anazigawa vizuri kupita kiasi.

Jambo kama hilo ndilo lilimwangusha Yoshitaka Fujii, muganga wa usingizi wa Japani. Mwaka 2012 John Carlisle, muganga mwenzake wa Uingereza, alipitia majaribio yake 168 na kuona vikundi vya wagonjwa vilifanana kuliko bahati inavyoruhusu. Uchunguzi wa chama cha waganga wa usingizi cha Japani ulikuta makala 172 kati ya 212 zilitungwa.

Kwa utapiamlo kuna dalili ya pili inayokwenda pamoja na hiyo: mtawanyiko wa uzito kwa urefu. Watoto wa kweli wanatofautiana, na mtawanyiko wa kawaida uko karibu 1. Ukifika 1.2 ama zaidi, vipimo vimevurugika. Ukishuka hadi 0.8, watoto wanafanana mno, kama waliotoka tumbo moja. Hapo unauliza kama mistari ilinakiliwa, ama kama timu ilikwenda kwenye nyumba za karibu na barabara tu.

Umri nao una mtego wake. Mama asiye na cheti cha kuzaliwa anasema “ana miaka mitatu,” na karani anaandika miezi 36. Kasongo inajulikana katika vitabu vya afya kwa sababu ya Projet Kasongo ya Taasisi ya Magonjwa ya Tropiki ya Antwerpen, na mwaka 1981 gazeti la Lancet lilichapisha makala yake juu ya chanjo ya surua na vifo vya watoto wa miezi 7 hadi 35. Sisemi makala ile ina kasoro. Ninaonyesha mpaka tu: katika uchunguzi wowote unaoishia miezi 35, mtoto wa miezi 34 anayeitwa wa miaka mitatu anatoka nje kabisa. Ndiyo sababu wapimaji wazuri wanatumia kalenda ya matukio: alizaliwa kabla ya Ramadani ama nyuma, wakati wa kuvuna mpunga ama wa kupanda?

Onyo moja kwa wale watakaotaka kujaribu hesabu hii kwenye fishi za kijiji chao. Alama inategemea wingi. Vipimo safi vya watoto 400 vinaleta karibu 5, vya watoto 100 karibu 10, na vya watoto 25 karibu 20, kwa bahati tu. Reko aliyepima watoto 25 siku moja na kupata 20 hajafanya kosa lolote. Unganisheni kwanza fishi zake za wiki kadhaa, halafu muangalie kama 0 na 5 bado zinazidi.