Gharama ya Kufunga Mgodi Ihesabiwe Mapema

Mwaka 2021 mgodi wa dhahabu wa Buzwagi, wilayani Kahama, ulihitimisha uzalishaji ulioanza mwaka 2009. Mgodi unapofikia hatua hiyo, kazi haijakwisha. Mabwawa ya mabaki yenye sumu hufunikwa, miteremko ya vifusi hulainishwa na kupandwa miti, na maji yatokayo kwenye miamba yenye salfa hupimwa kwa miaka mingi, kwani huweza kugeuka tindikali. Kazi hizo zote hulipiwa wakati ambapo mgodi hauingizi tena hata senti moja.

Hapa ndipo penye mtego kwa maofisa wanaopima miradi. Wengi wamezoea kuuliza swali moja tu, yaani mradi unarejesha asilimia ngapi kwa mwaka. Lakini fedha zinapotoka mwanzoni, zikaingia katikati, kisha zikatoka tena mwishoni, swali hilo huweza kuwa na majibu mawili.

Tuchukue mfano mdogo. Mradi unagharimu shilingi bilioni 100 leo, unaingiza bilioni 230 baada ya mwaka mmoja, na kufungwa kwake kunadai bilioni 132 mwaka wa pili. Hesabu inakubali kwamba mradi huo unarejesha asilimia 10. Inakubali vilevile kwamba unarejesha asilimia 20. Ofisa akitumia riba ya asilimia 15, mradi utaonekana una faida ndogo. Akitumia asilimia 5, utaonekana una hasara. Ukweli ni kwamba ukijumlisha fedha bila riba yoyote, taifa limepoteza bilioni mbili.

Sababu yake ni kwamba riba kubwa hulidunisha deni la mbali. Gharama ya bilioni 100 itakayolipwa baada ya miaka 30, ikipimwa leo kwa asilimia 12, huonekana kama bilioni 3 na kidogo. Hivyo mradi mbaya huweza kuvaa joho la mradi mzuri, na bili ikawaangukia watoto ambao leo wangali shuleni.

Basi, asilimia ya marejesho isitumike peke yake. Thamani ya mradi ipimwe kwa riba kadhaa, na gharama ya kufunga ioneshwe peke yake, bila kupunguzwa, ili kila msomaji wa taarifa aione.

Hesabu sahihi pekee, hata hivyo, haifukii shimo. Sheria ya Madini ya mwaka 2010 ilitambua dhamana ya ukarabati wa mazingira. Dhamana hiyo ikusanywe mgodi ungali unazalisha, na ikadiriwe upya kadiri shimo linavyopanuka. Madini yakishakwisha, kampuni iliyobaki na jina tu haina cha kudaiwa. Na kijiji kilicho kando ya bwawa la sumu hakiwezi kuhama pamoja nayo.